Maadui wapendanao, penzi la polepole au pembetatu ya mapenzi: ipi inakushika?

Nyakio_Buru
Hamjambo wapenzi wa riwaya. Kikundi chetu cha kusoma hapa Buruburu kimeniachia nichague kitabu cha mwezi ujao. Hadithi za maadui kupendana naweza kukesha nazo. Za penzi la polepole naziacha katikati, na wenzangu ndizo wanazozililia. Tofauti iko wapi hasa?

Kamau254
Maadui wana moto tangu ukurasa wa kwanza. Na kwa kawaida ule uadui ni kutoelewana tu, wakizungumza unaisha. Mtazame Darcy na Elizabeth katika Pride and Prejudice ya Jane Austen: barua moja ya Darcy, mambo yakanyooka.

Mwl. Adhiambo
Kamau, hapo umepatia nusu. Barua inamsafisha Darcy kuhusu Wickham, yule aliyemsingizia, lakini kuhusu Jane, dada wa Elizabeth, Darcy anakiri: ni kweli alimtenga na rafiki yake Bingley waliyependana. Kosa ni lake, na maneno hayalifuti. Ndiyo maana riwaya ina sura 61, na posa ya Darcy inayokataliwa iko sura ya 34. Katika sura zaidi ya ishirini zilizobaki tunamwona Darcy akibadilika kwa matendo, naye Elizabeth akijirudi kwa kumhukumu haraka. Chuki ambayo ingemalizwa na kikombe kimoja cha chai haiwezi kubeba kitabu kizima.

Nyakio, kwenye maadui unangoja mtu abadili mawazo. Kwenye penzi la polepole wameshapendana, unangoja wathubutu. Kwa hiyo lazima pawe na kinachowazuia, na kila sura iwasogeze: jana alimwita kwa jina la ukoo, leo anajua chai yake haitiwi sukari. Ukiruka sura mbili na usikose kitu, mwandishi anakuzungusha.

Shiku_wa_Rongai
Mimi niko na wawili kweli, mmoja mpole, mmoja mcheshi. Nichague nani?

Mwl. Adhiambo
Shiku mwanangu, hapa tunazungumzia vitabu! Ila swali lako ndilo linalobeba pembetatu nzuri: kila mwanamume amfungulie msichana maisha tofauti. Mmoja akiwa mbaya waziwazi, hakuna cha kuchagua.

Otieno_K
Mimi siafiki. Mshindi nikimjua mapema bado nasoma, maana namsikitikia yule atakayeachwa. Huyo ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Nyakio_Buru
Mwalimu, umenifumbua macho. Kile nilichoacha ni cha wafanyakazi wawili wa ofisi moja Upper Hill. Kuanzia sura ya 5 hadi ya 12 wanasalimiana kwenye lifti, na hakuna anayewazuia: hawana wachumba, bosi hana neno.

Mwl. Adhiambo
Basi kitabu ndicho kibovu, si aina yake. Wape kikundi kitabu chenye kizuizi cha kweli, mfano mjane anayeishi bado na wakwe zake.

Kamau254
Bado nasema moto kwanza.