Wigi la 613 liwe namba 4 kwenye picha: njia ipi haiui mng'ao?

picha_kkoo
Habari za jioni wakuu. Nina mteja anauza mawigi ya nywele za binadamu. Tulimpiga picha mwanamitindo akiwa na wigi la 613, lile la dhahabu, na sasa anataka picha ileile wigi lionekane namba 4, kahawia iliyokolea. Namba 4 anayo dukani, ila mwanamitindo ameshasafiri.

Nimejaribu njia tatu kwenye Photoshop. Hue/Saturation: nikishusha Lightness hadi -50, nywele zinakuwa kama zimemwagiwa majivu. Leya ya kahawia kwa Multiply: rangi inakolea, lakini nywele zinageuka kipande kimoja kama kofia. Leya hiyohiyo kwa Color: mng'ao wote upo, ila rangi ni ya chai ya maziwa. Nyie mnatumia ipi?

mama_saluni
Mwanangu, usipake kahawia moja kwa moja juu ya 613, itakutokea kijani kama maji ya mchicha. Nywele iliyotolewa rangi imebaki na unjano mtupu. Irudishie kwanza wekundu, rangi ya shaba hivi, ndipo uweke namba 4.

picha_kkoo
Asante mama, ila wigi lenyewe haliguswi. Nabadilisha kwenye picha tu.

simu_tu
Mimi nafanya kwenye Lightroom ya simu: Yellow, Luminance chini, Hue kuelekea chungwa, dakika mbili kazi imeisha. Kama uko Photoshop baki na Multiply, punguza Opacity iwe 60, mng'ao unarudi.

fundi_rangi
simu_tu, ukipunguza Opacity mng'ao unarudi kweli, lakini unarudi na unjano wake, na sehemu zote zilizokolea zinapauka kwa pamoja. Hiyo Lightroom nayo ukigusa chungwa umegusa na uso wa mtu.

picha_kkoo, tatizo lako tulione kwa namba. Chukua Eyedropper upime sehemu tatu: nywele za kawaida, mng'ao, na kivuli nyuma ya shingo. Kwenye picha ya 613 niliyonayo hapa, nywele za kawaida ni 215, 180, 120 (nyekundu, kijani, bluu). Mng'ao ni 250, 240, 220. Ukiweka kahawia ya 90, 60, 40 kwa Multiply, nywele zinashuka hadi 76, 42, 19 na mng'ao unashuka hadi 88, 56, 35. Tazama nyekundu: 76 na 88. Hiyo ndiyo kofia unayoiona. Multiply haiwezi kutoa kitu chenye mwanga kuliko ile kahawia uliyopaka.

Color nayo inaacha mwanga wote wa 613 kama ulivyo, kwa hiyo haiwezi kukolea hata uchague kahawia ya giza namna gani.

Sasa rudi kwenye zile namba za mwanzo. Kwenye nyekundu, nywele ni 215 na mng'ao 250, tofauti ni 35 tu. Kwenye bluu ni 120 na 220, tofauti ni 100. Sababu ni kwamba nywele ya njano inameza bluu, lakini mng'ao ni mwanga uliogonga juu ya unywele ukarudi bila kuingia ndani, kwa hiyo una rangi ya taa, si ya nywele. Chaneli ya bluu imeshakufanyia nusu ya kazi: ndani yake nywele za dhahabu zinaonekana nyeusinyeusi na mng'ao umesimama peke yake.

Ninavyofanya: natengeneza maski ya nywele, naiweka kwenye Group, ndani naweka leya tatu kuanzia chini. Ya kwanza ni Channel Mixer, natia tiki Monochrome, Red 0, Green 0, Blue 100. Ya pili ni Curves: 120 naishusha hadi 45, na 220 naiacha ifike kama 150. Ya tatu ni Solid Color ya #6B4430 kwa Color.

Kisha bofya mara mbili leya hiyo ya tatu uende Blend If, mstari wa Underlying Layer. Shika mshale mweupe huku umebonyeza Alt ili ugawanyike, nusu moja 110, nyingine 170. Hapo kahawia inajiondoa polepole juu ya mng'ao, unabaki karibu na weupe wake. Ukiusahau huo mshale, mng'ao unapakwa kahawia nao, na nywele zinaonekana kavu hata kama mwanga upo.

picha_kkoo
Kaka, nimekaa nayo tangu saa mbili. Kwa mara ya kwanza naona nyuzi za nywele. Lakini kuna vitu viwili. Upande wa kushoto umejaa vijiraba vidogovidogo kama vigae. Na juu ya paji la uso kuna doa limekuwa kijivu tupu, halina unywele hata mmoja.

fundi_rangi
Picha umeipata kwa WhatsApp?

picha_kkoo
Ndiyo, mteja alinitumia ile aliyoichagua. Faili la kamera ninalo.

fundi_rangi
Fungua la kamera. JPEG hubana rangi kuliko inavyobana mwanga, na uharibifu huo unaonekana zaidi kwenye bluu. Ungekuwa huna faili jingine, ningekwambia Blue 70 na Green 30, upoteze tofauti kidogo upate usafi.

Doa la paji la uso pima tena. Likiwa 255 zote tatu, hakuna unywele wa kuurudisha, palichomwa na taa. Kwenye raw shusha Highlights kwanza uone kama kitu kinatokea. Kisipotokea, chukua Clone Stamp uazime nyuzi za pembeni yake, leya mpya, kabla ya kugusa rangi.

mpiga_pwani
Naongeza jambo, maana napiga harusi ufukweni Nungwi na maharusi wengine wana nywele za dhahabu za kuzaliwa. Jua la kuzama likiwa nyuma yao, hii njia ya bluu ilinikatalia kabisa. Taa yenyewe ni ya chungwa, kwa hiyo mng'ao nao hauna bluu ya kutosha na unazama pamoja na nywele. Nilirekebisha White Balance ya nakala moja hadi mng'ao ukawa mweupe, nikatoa chaneli ya bluu hapo, kisha nikairudisha kwenye picha yenye rangi ya machweo.

fundi_rangi
Hapo umenifundisha. Mimi napiga studio tu, sijakutana nalo.

picha_kkoo
Faili la kamera limemaliza vigae, na raw imerudisha nyuzi za paji la uso. Mama_saluni naye alikuwa na haki yake. Kabla sijaweka ile #6B4430 nilijaribu kushusha Curves bila Channel Mixer, rangi ileile ya wigi, na ikawa kijani cha mchicha kama alivyosema. Hue ya wigi ilikuwa 38, kahawia iko 20.

mama_saluni
Si nilikwambia. Wekundu kwanza.

picha_kkoo
Limebaki moja. Nywele zilizoruka juu ya kichwa, dirisha liko nyuma, bado zinawaka dhahabu. Nizikoleze zote?

fundi_rangi
Mimi nazikoleza moja moja kwa brashi ya pikseli 3 kwenye maski. Kahawia haipitishi mwanga kama dhahabu.

mpiga_pwani
Mimi naziacha nusu, nazitoa unjano tu. Kahawia ikiwa mbele ya dirisha nayo inawaka, ila kwa wekundu. Ukizima zote, kichwa kinaonekana kimekatwa na mkasi.

picha_kkoo
Namwomba mteja asimame na namba 4 mbele ya dirisha lilelile kesho asubuhi, nipige picha moja ya kulinganisha. Nitaileta hapa.