Fremu ya zege au ya chuma? Jengo la umma, tunaamua Ijumaa

MjumbeKamati: Wakuu, naomba msaada. Kamati yetu ina makadirio mawili mezani. Fremu ya chuma imezidi ya zege kwa asilimia 8, na tumeagizwa kuangalia pia kaboni ya vifaa, yaani inayotoka wakati wa kuvitengeneza. Mshauri anasema kilo ya chuma ina kaboni mara kumi na zaidi ya kilo ya zege, hivyo tuchukue zege. Ni kweli?

FundiNondo: Zege. Chuma kinaota kutu. Mjadala umeisha.

Makadirio_Tu: Ghorofa ngapi? Nguzo hadi nguzo mita ngapi? Chuma kimeyeyushwa wapi? Bila hayo unatupigisha ramli.

MjumbeKamati: Ghorofa 4, nguzo kila mita 7.5. Habari ya kuyeyusha muuzaji hakusema.

Makadirio_Tu: Basi hapo ndipo penye ngoma. Achana na kilo, chukua mita moja ya mraba ya sakafu. Slabu ya zege ya sentimita 25 kwa saruji ya kawaida inakula kama kilo 75 za kaboni, nondo zake kama 35. Jumla 110, nguzo bado. Upande wa pili, mihimili na nguzo za chuma kilo 50 hivi. Kikitoka tanuri la makaa ni kama 125, ongeza 50 za bati na zege la juu yake, 175. Kikitoka tanuri la umeme kwa chuma chakavu, ile 125 inashuka hadi 30 hivi. Jumla 80. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Dai tamko la mazingira la kiwanda chenyewe, hati inayoonyesha kaboni ya chuma chao.

Kokoto: Lakini chuma chote hurejelezwa, kwa hiyo kaboni yake ni sifuri.

Makadirio_Tu: Hurejelezwa kweli, sifuri hapana. Chakavu iliyopo haitoshi mahitaji. Ukiichukua wewe, mwenzako anaenda tanuri la makaa.

Kokoto: Hiyo ni hesabu ya dunia, si ya jengo lake.

MamaSaiti: Mjumbe, hiyo asilimia 8 ina rangi ya kuzuia moto? Sisi tulichagua chuma kwa sababu kilionekana rahisi. Fremu ikasimama wiki chache, tukapiga picha. Mkaguzi akauliza kinga ya moto, mkandarasi akafungua mkataba: haimo. Ikabidi kupaka mhimili mmoja mmoja, mafundi wa dari wamekaa wakilipwa bure. Nafuu yote ikaishia kwenye ndoo za rangi.

FundiNondo: Nilisema zege.

MamaSaiti: Zege nalo tulichanganya slagi, yale mabaki ya tanuri la chuma yaliyosagwa, kupunguza saruji, likachelewa kukomaa. Mbao za kushikilia zege hazikung'olewa kwa wakati.

Kokoto: Mbao au plaiwudi? Plaiwudi yangu inabanduka baada ya kumwaga mara tatu.

FundiNondo: Hupaki mafuta wewe.

MjumbeKamati: Rangi ya moto haimo, nimeangalia sasa hivi. Muuzaji nimemuuliza tanuri, kajibu "chuma chetu ni bora kabisa".