Naomba ushauri: meseji za Kiingereza zenye sentensi nusu na zilizoungana

Wakuu habari za saizi, naombeni mnisaidie hapa. Niko ofisi ya usafirishaji mizigo Dar, kutwa nawaandikia wateja wa nje meseji fupi kwa Kiingereza, sasa juzi nilituma hii: "The truck left yesterday because of the rain the driver stopped in Morogoro." Mteja akauliza, mvua ndo ilifanya gari iondoke au dereva asimame? Nikaona kweli, sentensi mbili nimezibandika bila nukta. Ingekuwa "The truck left yesterday. Because of the rain, the driver stopped in Morogoro." asingeuliza kitu. Na nikiweka koma tupu baada ya yesterday bado ni kosa, hilo nimeshalielewa.

Kinachonichanganya ni hizi nusu sentensi. Bosi anataka kila meseji iwe kamili, hata "Received, thanks." anasema niandike "I have received it." Mi naona haina shida, maana mteja anajua kilichopokelewa ni nini. Hata akiuliza "Why the delay?" nikajibu "Because the bank was closed." swali lake lenyewe linakamilisha jibu. Ila hiyohiyo nikiianza nayo asubuhi, meseji ya kwanza kabisa, inaning'inia, hajui naongelea nini.

Sasa kipimo changu naangalia kama meseji ya juu yake inajaza pengo. Je inatosha? Na kwenye imeili ya madai ya hela mnafanyaje, mnaandika kamili zote?