Lanczos, lanczos, lanczos! Mnaharibu video za harusi zetu halafu mnatulipisha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na leo asiniambie mtu nipunguze munkari.

Harusi ya dada yangu ilirekodiwa enzi za kamera za kanda, tukakabidhiwa DVD. Mama ameiangalia kwenye deki mpaka diski imeanza kukwaruzika. Familia ikachanga laki na nusu, tukampelekea jamaa mmoja wa studio anayejitangaza kwamba anageuza video za zamani kuwa HD. Karudisha flashi yenye MP4. Tumeweka kwenye runinga, sebule nzima imenyamaza.

Kila kinachotembea kina meno kama ya msumeno. Dada akipunga mkono mbele ya gauni, mkono unachanika vipande vya mistari minene ya kulala. Nyuso zimevutwa kwenda pembeni, bwana harusi kanenepa ghafla. Na kila mtu amezungukwa na uzi mweupe, kana kwamba kakatwa na mkasi akabandikwa ukumbini.

Nimempigia. Anajibu kwa kujiamini: "Kaka, nimetumia lanczos, hakuna algoriti ya kukuza picha inayoishinda." Nikamwambia nitumie ulichoandika kwenye ffmpeg, ile programu ya kugeuza video. Akatuma:

```
-vf "scale=1920:1080:flags=lanczos,unsharp=7:7:2.5,setsar=1"
```

Na hapa ndipo hasira yangu inapogeuka kwenu. Komandi hii ninyi ndio mnaoibandika. Mtu akiuliza namna ya kukuza video, kabla hajasema imetoka wapi, ameshajibiwa "weka lanczos, ongeza unsharp". Hakuna anayeuliza ni DVD, ni simu au ni kanda.

DVD yetu ni PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Lakini kila fremu imebeba nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti: mistari witiri wakati mmoja, mistari shufwa sehemu ya hamsini ya sekunde baadaye. Mkono ukiwa unatembea, nusu hizo haziko mahali pamoja. Deki na runinga zinajua hilo, zinazitenganisha zenyewe, ndiyo maana mama hajawahi kuona meno yoyote miaka yote hii. Sasa `scale` hajui chochote ukimpa picha hivyo. Anachukua mistari 576, anaichanganya na jirani zake mpaka iwe 1080, na nusu mbili zinakorogwa pamoja. Kila mstari mmoja wa zamani sasa unachukua karibu mistari miwili ya mpya. Kisha faili linatoka likijitambulisha kuwa ni la fremu nzima, kwa hiyo runinga nayo haigusi kitu. Halafu `unsharp` ya 2.5 inakuja kunoa nini? Inanoa meno.

Kujua kama video yako iko hivyo huhitaji studio. Chagua sehemu yenye watu wanaocheza, siyo hotuba ya mzee aliyekaa:

```
ffmpeg -ss 600 -t 10 -i VTS_01_1.VOB -vf idet -an -f null -
```

Tazama mstari wa chini ulioandikwa `Multi frame detection`. Yangu ilihesabu fremu nyingi mno upande wa `TFF`, yaani zenye nusu mbili na mstari wa juu kwanza, na `Progressive` za kuhesabu kwa vidole. Hilo ni jibu tosha: tenganisha kwanza, kuza baadaye. Nimeifanya mwenyewe kwa diski ileile:

```
ffmpeg -i VTS_01_1.VOB -vf "bwdif=mode=send_field,scale=1440:1080:flags=lanczos+accurate_rnd+full_chroma_int,setsar=1,unsharp=5:5:0.5:5:5:0" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4
```

Hapo `bwdif` inageuza kila nusu kuwa fremu yake, unapata fremu 50 kwa sekunde na dansi inateleza vizuri. Ukubwa ni 1440 kwa sababu picha ya DVD hii ni ya 4:3, siyo ya runinga pana. Kunoa ni nusu tu, tena baada ya kukuza, na rangi sijazinoa kabisa.

Na hiyo lanczos yenu? Nilikata kipande kilekile nikakikuza kwa `bicubic`, ambayo ndiyo `scale` anayotumia usipomwambia kitu, na kingine kwa `lanczos`. Nikaviweka ubavu kwa ubavu. Ukisogeza pua kwenye kioo utaona lanczos ina ukali kidogo kwenye maandishi ya bango la ukumbini, pamoja na kivuli chembamba pembeni ya herufi. Basi. Kwa tofauti hiyo ndogo ndiyo mnatutoza laki na nusu na kuacha kazi yenyewe?

Sauti ya Kinubi
Mkuu pole, lakini unaisamehe lanczos bure. Tatizo lako ni hiyo hiyo algoriti, inatoa uzi mweupe. Tumia `flags=spline`, mimi nimeachana na lanczos siku nyingi. Na hizo yadif na bwdif zinatupa nusu ya ubora, unabaki na mistari 288. Mimi siziweki.

Kamera Moja
Sauti ya Kinubi, kuhusu uzi mweupe uko sahihi kidogo. Lanczos inapokutana na ukingo mkali inapitiliza, inaacha mstari mwangavu upande mmoja na mweusi upande wa pili. Spline nayo inafanya hivyohivyo. Lakini ule anaoulalamikia mleta uzi umesababishwa na `unsharp=7:7:2.5`. Hiyo namba ya mwisho ndiyo nguvu, na ya kawaida ukiandika `unsharp` peke yake ni 1.0, ambayo kwa DVD iliyokuzwa ni nyingi tayari.

Kuhusu kutupa nusu ya ubora, hiyo ni kweli kwa njia za kizembe zinazofuta nusu moja na kurudufu nyingine. `bwdif` inaangalia fremu za kabla na za baada. Mahali pametulia, kama ukuta na viti, inabakisha mistari yote. Panapotembea ndipo inapobuni. Na hapo usipotenganisha hupati mistari 576 ya mkono, unapata mikono miwili iliyosukwa pamoja.

Mleta uzi, kitu kimoja. Kunenepa kwa bwana harusi hakukuletwa na 1920:1080 peke yake. `scale` ukimpa 720x576 yenye SAR 16:15, yaani umbo la kila pikseli, ukamwambia 1920:1080, anabadili SAR iwe 3:4 ili umbo libaki 4:3. VLC ingeonyesha sawa. Aliyewanenepesha watu ni huyo `setsar=1` aliyewekwa nyuma yake, maana amefuta kumbukumbu ya umbo. Kwako `setsar=1` haina madhara kwa sababu 1440 kwa 1080 ni 4:3 kamili tayari.

Mleta uzi
Kamera Moja, nimeangalia kwa ffprobe, kweli faili lake linasema SAR 1:1 na DAR, yaani umbo la picha nzima, 16:9. Kwa hiyo alijiongezea kazi ili aharibu! Hata hivyo nisingeacha 1920 na SAR 3:4. Nina runinga chumbani, ukiweka flashi haisomi SAR kabisa, inatandaza tu.

Kamera Moja
Ndiyo, zipo nyingi za hivyo. 1440 ni salama zaidi.

Dogo wa Stendi
Wakuu mimi nina video ya goli nililofunga ndondo, ilitumwa WhatsApp, ipo ndogo sana na ina vibox vibox. Nimeweka hiyo bwdif kama mlivyosema na unsharp, imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Niweke flags gani?

Mama wa Kariakoo
Dogo, video ya simu haina nusu nusu, toa bwdif. Fanya hiyo idet uone mwenyewe. Na hivyo vibox ni mgandamizo, ukinoa unanoa kuta za vibox. Weka `hqdn3d` mwanzo kabla ya scale ilainishe, kisha kuza mara mbili tu, kunoa usiweke au weka 0.3. Mpira usiouona sasa hutauona hata ukikuza.

Dogo wa Stendi
Kwa hiyo jezi namba haitasomeka?

Mama wa Kariakoo
Haitasomeka mwanangu.

Fundi Studio
Natetea wenzangu kidogo. Wateja wenyewe wanataka ukali. Ukimpa picha laini anasema hujafanya kitu, ukimpa yenye uzi mweupe anakwambia "hapo sasa". Na hiyo crf 18 ya fremu 50 na preset slow, kwa kompyuta yangu harusi moja inakula usiku mzima. Kwa laki na nusu nina wateja wengine.

Mleta uzi
Mteja anataka ukali, je, alitaka na meno? Usiku mzima kompyuta inafanya kazi wewe umelala. Usituchezee.

Sauti ya Kinubi
Nimejaribu bwdif kwenye DVD yangu ya ubarikio. Naona wanakwaya wanarukaruka, mbele nyuma mbele nyuma. Bora ilivyokuwa.

Kamera Moja
Nusu zimepangwa kinyume. Kamera za DV zilianza na mstari wa chini, na mtu akitengeneza DVD akakosea alama, ffmpeg inaamini alama. Andika `bwdif=mode=send_field:parity=bff` ulinganishe. Kama bado inaruka, jaribu `tff`.

Sauti ya Kinubi
bff imetulia. Sawa, hapo nimekubali. Spline sijaiacha.

Mpita Njia 77
Swali: kama mtu hana tena DVD, anayo MP4 iliyoharibiwa tu? Mimi nilitupa diski baada ya kupewa flashi. Idet kwenye hiyo MP4 inaniambia karibu zote ni Progressive, lakini meno nayaona kwa macho.

Kamera Moja
Idet inapima mstari kwa mstari, na yako imeshatanuliwa, kwa hiyo haikamati. Kuna ujanja: rudisha kwenye mistari 576, tenganisha, kuza upya.

```
-vf "scale=720:576:flags=lanczos,bwdif=mode=send_field:parity=tff,scale=1440:1080:flags=lanczos,setsar=1"
```

Siahidi kitu. Kurudisha nako kunachanganya mistari, na ile unsharp pamoja na mgandamizo vimeshakaa humo.

Mleta uzi
Nimeufanyia faili la yule jamaa kwa udadisi. Meno makubwa yamepungua sana, ila mkono wa dada sasa unafuatwa na mkono wa pili hafifu, na uzi mweupe uko palepale. Nikibadili `lanczos` ya kwanza kuwa `bicubic` sioni tofauti ya maana. Aliyewahi kupata zaidi ya hapo aweke komandi yake, na aseme video ilitoka wapi.

Mama wa Kariakoo
Mpita Njia, waulize ndugu waliokuwa kwenye kamati. Siku zile DVD zilikuwa zinatolewa nakala kadhaa.