Naomba ushauri: rekodi zinazochelewa kufika na dirisha la siku 3

Wakuu, habari za kazi. Mawakala wetu wa vijijini huandika mauzo kwenye simu hata pasipo mtandao, kisha simu hutuma yote ikipata mawimbi. Kila usiku nafuta siku za karibuni kwenye jedwali la muhtasari na kuzijumlisha upya kutoka rekodi ghafi:

```sql
DELETE FROM muhtasari
WHERE siku >= CURRENT_DATE - 3;
```

Tatizo ni wanaochelewa zaidi. Mauzo ya tarehe 4 yalifika tarehe 12. Usiku huo dirisha lilianzia tarehe 9. Rekodi ghafi inayo, muhtasari hauna, na hakuna kosa lolote linaloonekana. Niligundua kwa kulinganisha jumla za kila siku pande zote mbili.

Nikipanua dirisha hadi siku 30, kazi ya usiku inakuwa nzito kwa ajili ya rekodi chache tu. Nafikiria kutumia saa ambayo seva ilipokea rekodi: nitafute tarehe zote za mauzo zilizoguswa na mzigo mpya, nijumlishe hizo tu. Tarehe 12 ingejumlisha upya tarehe 4, bila kugusa 5 hadi 8. Aliyefanya hivi, bado unaacha dirisha dogo kama akiba?

Halafu kuna mpangilio. Sahihisho likitangulia kufika kuliko rekodi ya awali, ya awali inalifuta. Saa za simu siziamini, wengine huzirudisha nyuma. Je, namba ya toleo kwa kila rekodi inatosha?