MREJESHO: Wasifu wa mhudumu wa afya ya jamii

Niliuliza: "Nimetembelea kaya mwaka mzima kwa kujitolea. Kwenye wasifu niandikeje isionekane nilikuwa nazurura tu?"

Ahsanteni wadau, nimeitwa kwenye usaili. Kilichosaidia zaidi ni ule ushauri wa kuhesabu kutoka kwenye rejesta badala ya kukisia. "Nilitembelea kaya nyingi" sasa inasomeka: "Kaya 60, kila moja mara 1 kwa mwezi, nilifuatilia wajawazito na watoto chini ya miaka 5, wenye dalili za hatari nikawapa rufaa." Angalieni hapa: kaya 60 kwa miezi 12 ni ziara 720, si kaya 720. Rasimu yangu ilichanganya, msaili angeikamata mapema tu.

Mafunzo niliyopokea nimeyatenganisha na niliyotoa. Kwenye takwimu nimetaja programu ya simu ya KoboCollect pamoja na kazi yenyewe: kujaza fomu bila mtandao, kuzikagua, kisha kuzituma.

Usaili nimeshafanya, nilipokwama ni lugha. Niliandika "fasaha" kwa zote tatu. Msaili akabadili lugha ghafla, akataka nimweleze mama namna ya kuchanganya pakiti ya ORS. Ile ya tatu naielewa, kuiongea ndiyo shida. Nimerekebisha: kila lugha ina "naongea", "naelewa" au "naandika" yake. Majibu ya kazi bado.