Naomba ushauri kabla sijairusha droni yangu mara ya kwanza

Wakuu habarini, nimemaliza kuunga droni ya propela za inchi 5, betri ya seli 4, nataka kuirusha Jumamosi uwanja wa mpira asubuhi kabla madogo hawajaja. Propela bado sijafunga na sifungi mpaka niridhike.

Betri nilichomeka kwanza kupitia balbu ya gari ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya bodi kuungua, ikawaka kidogo ikazima, nikashusha pumzi. Kwenye Betaflight ukurasa wa Motors nikajaribu mota moja moja, nikabandika kipande cha seloteipu kwenye shafti ili nione inazungukia wapi, namba 2 ya mbele kulia ilikuwa inazunguka kinyume, kumbe ningefunga propela ingepinduka palepale. Nikabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, ikakaa sawa. Nikizima rimoti mota zinasimama, hiyo iko poa.

Sasa kinachonitisha, nikiwasha kwa swichi nikapandisha throto kidogo, mota zinapanda zenyewe hata nikishusha kidogo hazitulii. Jamaa mmoja kaniambia bila propela ni kawaida, eti bodi inajaribu kurekebisha mlalo ambao haubadiliki. Ni kweli au nina tatizo?

Na siku yenyewe nimepanga nisimame mita 5 nyuma yake, niinue mita 1 kwa sekunde 20, nishushe, nichomoe betri kisha nishike mota kama zimechemka. Kuna nilichosahau?